DVD ya harusi kwenda kwenye faili: nakala ya ISO, MakeMKV au HandBrake?

Shangazi yangu aliolewa Morogoro mwaka 2008, na kama harusi nyingi za wakati ule, kumbukumbu yake ni diski moja ya DVD kwenye kasha lenye picha ya maharusi. Deki iliyokuwa ikiicheza ilishakufa siku nyingi. Mwaka jana akanikabidhi diski nimtolee "zile video" aweke kwenye flashi. Nikaona ni kazi ya nusu saa. Nikaifanya, nikampelekea, jioni yake akanipigia: "Mwanangu, asante sana. Lakini mbona babu hayumo?"

Babu alikuwemo kwenye diski. Alikuwa na kitufe chake kabisa kwenye menyu, "Salamu za Babu", sekunde 95 akiwa amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba anawausia maharusi. Kwenye faili zangu hakuwemo kwa sababu nilibonyeza tu bila kusoma mipangilio, na programu niliyotumia huacha video fupi usipoiambia vinginevyo. Tangu hapo nimetoa diski nyingine kadhaa za ndugu na majirani, na njia tatu nimezizungusha vya kutosha kuweza kuzilinganisha: kunakili diski nzima kuwa faili moja la ISO, kutoa video bila kuzigusa kwa MakeMKV, na kuzibana upya kwa HandBrake. Zote tatu hazigharimu kitu kwa kazi hii, na diski za kuchomwa na mpiga video huwa hazina kufuli ya siri kama diski za filamu za dukani, kwa hiyo hakuna cha kuvunja.

Menyu ni ramani

Fungua diski kwenye kompyuta utakuta folda inayoitwa `VIDEO_TS`. Mafaili makubwa ya `.VOB` ndiyo yenye picha na sauti, na kila moja haliruhusiwi kuzidi gigabaiti 1, ndiyo maana video ndefu hukatwa kuwa `VTS_02_1.VOB`, `VTS_02_2.VOB` na kuendelea. Mafaili madogo ya `.IFO` ndiyo ramani. Humo imeandikwa diski ina taito ngapi, kila taito inaanzia na kuishia wapi, sura zake ziko wapi. Ya `.BUP` ni nakala ya akiba ya ramani hiyo hiyo. Menyu unayoiona kwenye televisheni ni picha au video fupi, imewekewa vitufe juu yake na amri nyuma ya kila kitufe: ukibonyeza hapa, nenda taito namba fulani.

Taito ni video moja ambayo deki inaijua kwa namba, na diski inaweza kuwa na hadi 99. Hapa ndipo wengi tunapokosea, maana tunadhani kila taito ina picha zake. Sivyo. Taito ni orodha tu ya vipande vya kucheza kwa mpangilio, na taito mbili zinaweza kuorodhesha vipande vile vile. Diski ya shangazi niliipitisha kwenye programu ndogo ya Linux iitwayo `lsdvd`, ikanitolea orodha ambayo nikiifupisha ni hii:

```
Title: 01, Length: 00:00:14
Title: 02, Length: 01:49:40
Title: 03, Length: 00:24:30
Title: 04, Length: 00:31:10
Title: 05, Length: 00:22:00
Title: 06, Length: 00:32:00
Title: 07, Length: 00:01:35
```

Ya kwanza ni nembo ya studio na namba ya simu ambayo haipatikani tena. Ya 3 ni kicheni pati, ya 4 sendofu, ya 5 kanisani, ya 6 ukumbini. Jumlisha muda wa hizo nne: unapata saa 1, dakika 49 na sekunde 40, yaani sawasawa na taito ya 2. Kwa hiyo taito ya 2 ni kitufe cha "Cheza Zote", haina picha hata moja ya kwake. Ya 7 ndiye babu.

Hesabu hiyo ya kujumlisha dakika ifanye kabla hujagusa programu yoyote. Itakuambia kama kuna marudio, na itakuwa kipimo chako mwishoni.

Kuna watu watakushauri ukopi VOB zote na kuziunganisha. Inafanya kazi kwenye diski yenye video moja. Kwenye diski kama hii, kwa kuwa umeitupa ramani, unapata bonge moja la mambo yote, kipima muda cha programu ya kuchezea kinaonyesha dakika za ajabu kwa sababu saa ya ndani huanza upya kila kipande kipya kinapoingia, na ukijumuisha faili linaloishia `_0.VOB` video yako itaanza na menyu isiyobonyezeka. Njia hiyo naiweka kando.

ISO: diski yote kama ilivyo

Faili la ISO ni diski nzima, sekta kwa sekta, ndani ya faili moja. Menyu, vitufe, muziki wa menyu, taito zote saba na marudio yake, kila kitu kipo. Na kwa kuwa taito ya 2 inaelekeza tu kwenye vipande vya zile nne, hairudufishi chochote: diski ya shangazi ilitoka gigabaiti 4.2 tu. Ukiifungua ISO kwa VLC menyu inatokea na unabonyeza kwa kipanya kama ulivyokuwa unabonyeza kwa rimoti.

Kwenye Windows mimi hutumia ImgBurn. Ila diski yenye mikwaruzo ndiyo inayonifanya niipende njia hii kuliko zote, na hapo nahamia Linux na `ddrescue`:

```
ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map
ddrescue -d -r3 -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map
```

Mstari wa kwanza unachota haraka kila kinachosomeka na kuruka palipogoma. Wa pili unarudi palipogoma tu, unajaribu mara tatu zaidi. Lile faili la `.map` ndilo kumbukumbu ya sekta zilizopatikana na zilizokosekana, usilifute. Unaweza hata kuipeleka diski kwenye kompyuta nyingine yenye kisomea diski tofauti, ukaendelea na mafaili yale yale mawili; mara nyingi kisomea cha pili kinasoma pale cha kwanza kiliposhindwa. Kwenye diski ya jirani mmoja nilibakiwa na sekta chache mbovu kati ya karibu milioni mbili, na athari yake ilikuwa picha kukatika vijumba kwa nusu sekunde wakati wa kukata keki.

Udhaifu wa ISO ni upande wa mtazamaji. Simu hailichezi ukiligusa tu, televisheni nyingi zenye tundu la flashi hazilitambui, na shangazi hana haja ya kujifunza neno jipya. ISO ni ya kabati. Lakini kwa kuwa nakala hii ndiyo pekee inayohifadhi menyu, mimi huitengeneza kwanza, kisha narudisha diski kwenye kasha na kazi nyingine zote nazifanya kutoka kwenye ISO. MakeMKV na HandBrake zote mbili zinaifungua kama zinavyofungua diski, tena kwa kasi zaidi, na diski ya miaka mingi haizungushwi mara tano.

MakeMKV: video halisi, ganda jipya

MakeMKV inachukua kila taito, inaitoa kwenye VOB na kuiweka ndani ya faili la `.mkv`. Picha haziguswi. Kilichokuwa MPEG-2 kinabaki MPEG-2, sauti inabaki ilivyo, sura zinabaki. Kinachopotea ni menyu, kwa sababu ganda la MKV halina pa kuibeba. Kazi yote kutoka kwenye ISO ni dakika chache, kwani kimsingi ni kukopi.

Mambo mawili yanahitaji jicho. La kwanza ndilo lililonikosesha babu: kwa kawaida MakeMKV huacha taito yoyote iliyo chini ya sekunde 120. Haifichi, maana kwenye ujumbe wake wa chini inaandika kwamba taito fulani imerukwa kwa kuwa ni fupi, ila nani husoma ujumbe wa chini? Ingia kwenye Preferences, upande wa Video, ushushe "Minimum title length" hadi 10. Kwa mstari wa amri, ukishatengeneza folda ya `video`, ni hivi:

```
makemkvcon --minlength=10 mkv iso:harusi.iso all video
```

La pili ni marudio. Ukiacha vitiki vyote kama vilivyo, utapata ile ya "Cheza Zote" yenye gigabaiti 4.1, pamoja na zile nne ambazo zote pamoja ni gigabaiti 4.1 nyingine. MakeMKV hutambua taito mbili zinazofanana kabisa na kuacha moja, lakini taito moja kubwa iliyobeba nne ndogo haihesabu kuwa ni marudio. Hapo unaamua wewe. Mimi natoa tiki kwenye ile kubwa na kubaki na ndogo, kwa sababu mtu anayetafuta kanisani hataki kusogeza saa nzima ya kicheni pati na sendofu.

Angalia pia majina. Faili huishia `_t00.mkv`, `_t01.mkv` na kuendelea kwa kufuata taito zilizoingia kwenye orodha ya MakeMKV, si namba za taito za diski. Nikishusha kikomo hadi sekunde 10, nembo ya studio ndiyo `_t00`. Nikikiacha 120, nembo inarukwa na `_t00` inakuwa "Cheza Zote". Usibadilishe majina kwa kukisia. Fungua ISO kwa VLC, bonyeza kitufe cha menyu, kisha angalia kwenye Playback, Title, ni namba gani inayocheza na ina dakika ngapi. Kwa dakika hizo utalijua faili lake. Nilipomaliza nikapiga picha ya skrini ya menyu na kuihifadhi kwenye folda ile ile, maana majina aliyoyaandika mpiga video ni sehemu ya kumbukumbu pia. "Vifijo na Nderemo" ndilo jina alilolipa taito ya ukumbini, nisingelibuni mimi.

HandBrake: ndogo na nyepesi, lakini si ile ile

HandBrake haikopi. Inaicheza video, inaipunguza na kuiandika upya, kwa kawaida kuwa H.264 ndani ya `.mp4`. Faida yake unaiona papo hapo: taito ya ukumbini iliyokuwa gigabaiti 1.2 ilitoka karibu megabaiti 480, na inacheza kwenye kila simu niliyoijaribu. Hasara ni kwamba kilichotupwa hakirudi, na inakula muda kulingana na nguvu ya kompyuta yako.

Kikomo chake cha taito fupi ni sekunde 10, kwa hiyo kwa HandBrake babu angeonekana tangu mwanzo. Lakini ukifungua diski inakuchagulia taito moja, kawaida ile ndefu, na ukibonyeza Start unabana hiyo peke yake. Lazima uende kwenye orodha ya Title, uchague moja moja na kuiongeza kwenye foleni.

Mahali panapostahili kuchelewa ni mwendo wa picha. Kamera za harusi za mfumo wa video wa PAL zilirekodi nusu-picha 50 kwa sekunde: kila fremu kati ya 25 ni nusu mbili zilizoshonwa pamoja, mistari ya shufwa na ya witiri, zikiwa zimepishana sehemu 1 ya 50 ya sekunde. Kwenye televisheni ya chogo haikuwa tatizo. Kwenye simu, mtu akicheza, kingo za mikono na gauni hutoa mistari kama meno ya kitana. HandBrake inaweza kuyaondoa kwenye Filters, sehemu ya Deinterlace. Kawaida yake inashona nusu mbili kuwa fremu moja, na unabaki na fremu 25. Inatosha kwa kanisani ambako watu wamekaa. Ukumbini naweka Bwdif na chaguo la Bob, ambalo hutengeneza fremu kamili kutoka kila nusu, na maharusi wanaingia wakicheza kwa mwendo laini wa fremu 50 kama siku ile.

Hapo kuna mtego mdogo ambao ulinipotezea usiku mzima. Mpangilio wa `Fast 576p25` unaweka ukomo wa fremu 25 kwa sekunde. Ukiwasha Bob bila kugusa ukomo huo, HandBrake inatengeneza fremu 50 kisha inatupa nusu yake, na unabaki na video isiyo na tofauti yoyote. Kwenye Video, sehemu ya Framerate, chagua 50. Ubora nauweka RF 20. Kwa video za ukubwa huu eneo la kufaa ni 18 hadi 22, namba ikipungua ubora na uzito vinaongezeka. Sauti iwe AAC, kwa sababu baadhi ya simu hunyamaza zikipewa sauti ya asili ya DVD.

Kwa anayetaka kuziona zikiwa bega kwa bega:

| | ISO | MakeMKV | HandBrake |
|---|---|---|---|
| Menyu | inabaki | inapotea | inapotea |
| Picha | zile zile | zile zile | zimebanwa |
| Taito fupi | zote zipo | chini ya sekunde 120 huachwa | chini ya sekunde 10 huachwa |
| Harusi hii | GB 4.2 | GB 4.1 bila marudio | karibu GB 1.6 |
| Kwenye simu | hapana | kwa VLC | ndiyo |

Ipi uchague

Kama una muda wa kufanya kitu kimoja tu, tengeneza ISO. Hizo nyingine mbili zinaweza kufanywa kesho au miaka mitano ijayo kutoka kwenye ISO, lakini kutoka MP4 huwezi kurudi kwenye diski. Kama menyu haina maana kwako na una diski nyingi za kupitia, MakeMKV peke yake inatosha, na faili zake ukizicheza kwa VLC kwenye simu hazisumbui. HandBrake peke yake siipendekezi kwa diski ambayo nakala yake haipo popote, hata kama flashi ni ndogo. Kwa shangazi nilifanya ISO na HandBrake: ISO iko kwenye diski ngumu yangu na ya binamu, yeye ana faili tano za MP4 zenye majina ya menyu. Ya babu ilikuwa ndogo kiasi cha kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Si kila mpiga video alipanga kazi yake kwa taito, hata hivyo. Nimekutana na diski ya ubarikio ambayo `lsdvd` ilionyesha taito moja ya saa 1 na nusu yenye sura 18, ingawa menyu ilikuwa na vitufe vinne. Vitufe vilikuwa vinarukia sura, si taito. MakeMKV ilitoa faili moja, na haikukosea. Kwa VLC niliona vitufe vinaangukia sura ya 1, 5, 9 na 14, nikalikata faili kwa `mkvmerge`, ambayo nayo haibani chochote upya:

```
mkvmerge -o sehemu.mkv --split chapters:5,9,14 title_t00.mkv
```

HandBrake inafanya hilo kwa kuchagua Range kwa sura, kuanzia 1 hadi 4, kisha 5 hadi 8, na kuendelea.

Na kuna diski ambazo zote tatu hazitakusaidia. Zile ndogo za sentimita 8 zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera, au zilizorekodiwa na deki ya nyumbani, zinapaswa kufungwa na mashine iliyozirekodi kabla ya kusomeka kwingine. Kompyuta itakuambia ni tupu. Geuza uitazame chini ya mwanga: kama sehemu ya ndani ina rangi tofauti na ya nje, imeandikwa kitu. Usikubali kompyuta ikuombe kuifomati. Tafuta kamera ile, au ya aina ile ile, iingize humo, na kwenye menyu yake utafute neno Finalize. Ikishamaliza, irudishe kwenye kompyuta, na uanze na ISO.